Bahasha Nyuma ya Kabati: Wiki ya Kwanza ya Kulikabili Deni

Bahasha ya kaki imekaa nyuma ya kabati la vyombo kwa siku 18. Mwenye nyumba anajua iko pale. Aliipokea mwenyewe, akasaini kwenye kitabu cha mpeleka barua, akashukuru, kisha akaisukuma nyuma ya kabati mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Tangu siku hiyo hajagusa sahani za wageni zilizomo kwenye kabati hilo.

Mlio wa simu ameuzima. Namba ngeni hapokei. Namba anazozijua amezipa majina mapya: "Usipokee 1", "Usipokee 2". Kwenye kikoba haendi tena, mchango anautuma kwa mkono wa jirani. Akitoka sokoni huzunguka kwa nyuma ili asipite mbele ya duka la Mangi, ambako jina lake limo kwenye daftari.

Mwanamke huyu, muuza vitenge wa Morogoro, ni mfano nilioujenga ili nieleze jambo hili kwa hesabu. Lakini hakuna kipande cha maisha yake ambacho hukikuti mtaani. Tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kati ya harusi na matanga kuna kipindi kirefu ambacho methali haikitaji. Ni kipindi cha kujificha, na humo ndimo deni dogo hugeuka kubwa.

Kwa nini tunageuza simu kifudifudi

Anayekwepa simu za wadai huitwa mjanja, au mkorofi. Mara nyingi si ujanja wala ukorofi, ni aibu inayofanya kazi yake. Simu ikiita, moyo unapiga kwa kasi na tumbo linakaza. Ukiigeuza kifudifudi, mwili unatulia. Utulivu huo wa dakika tano ndio ujira wa kukwepa, na mwili huujifunza haraka. Kesho yake utakwepa mapema zaidi, na baada ya mwezi hata meseji ya shangazi inayouliza hali itakushtua.

Hili halimpati maskini peke yake. Mwaka 2009 watafiti Niklas Karlsson, George Loewenstein na Duane Seppi walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wawekezaji huchungulia akaunti zao mara chache zaidi soko linaposhuka kuliko linapopanda. Wachumi huiita tabia hiyo athari ya mbuni, kwa ile hadithi ya ndege anayefukia kichwa mchangani. Mbuni halisi hafanyi hivyo. Binadamu ndiye anayefanya, awe na hisa za mamilioni au daftari la Mangi.

Aibu ina njia ya pili ya kutudhuru: hutufanya tuahidi uongo. Siku mdaiwa anapokamatwa barabarani husema, "Ijumaa nakuletea yote." Anasema hivyo ili mazungumzo yaishe, si kwa sababu pesa ipo. Ijumaa ikifika pesa haipo, na sasa ana mambo mawili ya kuficha, deni lenyewe na ahadi iliyovunjika. Wengi hawamkimbii mdai kwa sababu ya kiasi wanachodaiwa. Wanakimbia maneno waliyomwambia mara ya mwisho.

Bahasha imefungwa, siku zinahesabika

Tatizo la kutofungua barua ni kwamba sheria haingoji ufungue. Bahasha ya kaki ina notisi ya benki. Mwanamke wetu alikopa kwa kuweka dhamana nyumba, na ameshindwa marejesho ya miezi miwili. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake, mkopeshaji aliyeshika nyumba au kiwanja kama dhamana hatakiwi kukurupuka kuuza. Anapaswa kwanza kumpa mdaiwa notisi ya siku 60, inayoeleza kosa lake na kumpa nafasi ya kulirekebisha. Muda huo ukipita, na mnada ukaamuliwa, lazima tangazo la mnada litolewe kwa siku zisizopungua 14.

Siku 60 si vitisho. Ni nafasi iliyowekwa kwa ajili ya mdaiwa. Mwanamke wetu amekwishatumia siku 18 kwa kuogopa karatasi, na zimebaki 42.

Barua za mahakama nazo zina saa yake. Anayepelekewa wito wa shauri la madai katika mahakama ya wilaya au ya juu yake huwa na siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Akikaa kimya, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatolewa bila yeye kusikika. Huenda alikuwa na risiti za nusu ya deni, au riba ilikuwa imekosewa, au saini haikuwa yake. Vyote hivyo havimsaidii vikibaki nyuma ya kabati.

Ndiyo maana lengo la wiki ya kwanza si kulipa. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hakuna tabibu anayepima dozi kabla ya kumwona mgonjwa. Wiki hii ni ya kuona tu, na ina sharti moja tangu mwanzo: ndani ya siku saba usichukue mkopo mpya wa kuzibia mwingine, na usimkabidhi mkopeshaji yeyote kadi yako ya benki wala namba ya siri.

Siku ya kwanza na ya pili: kufungua, kisha kuandika

Siku ya kwanza chagua saa moja ambayo nyumba imetulia, na umwombe mtu mmoja akae nawe. Awe mtu asiyekudai na asiyepiga kelele. Kazi yake si kushauri. Akae tu, anywe chai, na akukabidhi bahasha moja moja.

Kusanya kila karatasi mezani. Fungua zote, lakini usisome kila neno. Tafuta vitu vitatu tu: imetoka kwa nani, imeandikwa lini, na je, kuna siku ya mwisho iliyotajwa. Viandike kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi, kisha zipange kwa tarehe. Fanya hivyo kwa meseji pia, na zile za vitisho zipige picha uzihifadhi, usizifute. Saa moja ikiisha, acha, hata kama kazi haijakwisha. Siku hiyo humpigii mtu yeyote. Ukijua kwamba hutalazimika kuzungumza na mdai, mkono unapata nguvu ya kufungua bahasha.

Siku ya pili chukua daftari. Kwa kila deni andika nilichopokea, nilicholipa mpaka leo, wanachodai sasa, na kinachoweza kunipata nisipolipa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo tutakayoihitaji siku ya nne.

Daftari la muuza vitenge lilikuwa hivi:

- Benki: salio shilingi 3,400,000, ndani yake marejesho yaliyochelewa 620,000. Dhamana ni nyumba.
- Kikoba: 450,000.
- Mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu: anadai 390,000.
- Mkopo wa mtandaoni: wanadai 160,000. Mkononi ziliingia 70,000 tu.
- Mkopo wa laini ya simu: 38,000.
- Dada yake wa Dodoma: 250,000.
- Duka la Mangi: 64,000.

Jumla ni shilingi 4,752,000. Kwa miezi miwili kichwani mwake alikuwa akibeba "milioni saba, au nane". Hofu ilikuwa imeongeza riba yake. Haiwi hivyo kila mara, kuna watakaokuta jumla ni kubwa kuliko walivyodhani. Hata hao wamepata kitu, kwa sababu namba iliyoandikwa inaweza kugawanywa, ila ile ya kichwani haigawanyiki.

Siku ya tatu: pesa iliyopo kweli

Sasa hesabu upande wa pili, kinachoingia na kisichoepukika. Tumia miezi mitatu iliyopita, si mwezi mzuri kuliko yote. Vitenge humpa mama huyu faida ya wastani wa 640,000 kwa mwezi baada ya kurudisha mtaji. Chakula ni 240,000, shule 60,000, nauli 40,000, umeme na maji 35,000, dawa 15,000. Jumla ni 390,000. Kinachobaki ni 250,000.

Hapo ndipo alipoona jambo ambalo aibu ilikuwa imemficha. Rejesho la benki peke yake ni 310,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo haikuweza kukaa sawa hata angefunga na kuomba. Kila mwezi alikuwa akikopa kwa kausha damu na mtandaoni ili ajazie rejesho la benki, na madeni hayo mapya yakala mtaji wa vitenge. Aliamini kwamba yeye ni mzembe wa pesa. Daftari likamwambia kwamba rejesho lilipangwa kubwa kuliko biashara.

Anayejiona mzembe hujificha. Anayeona hesabu isiyokaa sawa ana jambo la kwenda kuzungumza.

Siku ya nne: panga kwa hatari, si kwa kelele

Ukimuuliza mdaiwa ni nani anamlipa kwanza, atakutajia anayepiga simu mara nyingi. Mkopo wa mtandaoni hupiga mara 20 kwa siku na kutishia kutuma picha yako kwa kila mtu aliye kwenye simu yako. Kausha damu hugonga mlango mbele ya majirani. Benki haipigi kelele. Inaandika barua moja kwa lugha ya upole, kisha inasubiri siku zipite.

Rudi kwenye safu ya mwisho ya daftari. Yule wa kelele anaweza kukufedhehesha. Yule mpole anaweza kuuza nyumba. Kwa hiyo mpangilio hugeuka juu chini: kwanza deni linaloweza kukutoa ndani, kukunyima chombo cha kazi au kukufikisha mahakamani. Kisha deni linaloweza kumuumiza mtu mwingine, kama mdhamini wako au wanakikundi. Mwisho wale ambao silaha yao kuu ni aibu yako.

Wa kundi hili la mwisho wanastahili kuchunguzwa kwa makini. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha watu kwa biashara anapaswa kuwa na leseni. Kwa taasisi ndogo zisizopokea amana, Benki Kuu ya Tanzania iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kausha damu wetu alitoa 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, yaani 90,000. Kwa miezi mitatu riba ni 270,000, jumla 570,000. Mama amekwishalipa 180,000, ndiyo maana anadaiwa 390,000. Kwa ukomo wa asilimia 3.5, riba ya miezi hiyo mitatu ingekuwa 31,500. Deni lote lingekuwa 331,500, na baada ya kutoa alicholipa zingebaki 151,500.

Hesabu hiyo haifuti deni. Zile 300,000 zilikuwa pesa za mtu na zilimfaa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kwenda kuomba huruma na kwenda na hesabu.

Kuhusu mikopo ya mtandaoni, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tazama kama aliyekukopesha ana leseni. Na kuwatumia ndugu na wateja wako meseji za kukudhalilisha ni jambo linaloweza kulalamikiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zile picha za meseji ulizohifadhi siku ya kwanza ndizo ushahidi wako. Vitisho vya kupigwa au kuvunjiwa nyumba ni vya kupeleka polisi.

Kuna kitisho kimoja cha kukitoa moyoni kabisa, kile cha "utafungwa kesho". Kushindwa kulipa mkopo uliouchukua kwa ukweli ni shauri la madai. Ukighushi nyaraka au ukikopa kwa udanganyifu, hilo ni jambo lingine.

Siku ya tano: simu ya kwanza

Piga simu wewe, usingoje upigiwe. Anayepiga huchagua saa, huwa ameketi, na daftari liko mbele yake. Anza na deni lililo juu ya orodha. Andika maneno yako kwenye karatasi na uyasome kama yalivyo:

"Habari za kazi. Nina mkopo wa biashara katika tawi lenu, na nimepokea notisi yenu. Sijakataa kulipa. Nimepiga hesabu ya biashara, rejesho la 310,000 limenizidi. Ninachoweza kulipa kila mwezi bila kukosa ni 170,000. Naomba siku ya kuonana na afisa mikopo wiki ijayo, na naomba taarifa kamili ya mkopo wangu."

Kisha nyamaza, usijazie. Akikuuliza, "Mama, leo unalipa kiasi gani?" na huna, jibu ni, "Leo sina. Naomba tarehe ya kikao." Usitaje kiasi ambacho hakimo kwenye daftari. Ahadi ndogo iliyotimizwa itakurudisha kwenye simu ijayo ukiwa umesimama, ahadi kubwa iliyovunjika itakurudisha nyuma ya kabati.

Ukimaliza, andika jina la uliyezungumza naye, saa na mlichokubaliana. Siku hiyo hiyo peleka barua fupi inayosema hayo hayo, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Unachoomba kinaitwa kupangiwa upya mkopo. Benki hailazimiki kukubali, na ikikubali, muda ukirefushwa riba nayo huongezeka. Kabla ya kusaini uliza swali moja: mpaka mwisho nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi? Kama nyumba ni ya familia, soma pia fomu ya dhamana. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya ndoa, na kukosekana kwake ni jambo la kumwonyesha mwanasheria. Wasiomudu wakili wanaweza kutafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Malalamiko dhidi ya benki huanzia kwenye benki yenyewe, na yasipotatuliwa hupelekwa kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Siku ya sita: madeni yenye sura

Deni la kikoba, la ndugu na la Mangi halina notisi, lakini ndilo linalouma zaidi kwa sababu mdai ni mtu unayemsalimia. Hayo hayazungumzwi kwa meseji. Yanaendewa.

Kikoba kwanza, maana pesa zile ni za wenzako, na mwisho wa mzunguko ukifika kuna anayezingoja alipe ada ya mwanawe. Waone mwenyekiti na mweka hazina kabla ya siku ya kikao, usiwashtukize mbele ya watu. Waombe wakuonyeshe hisa zako. Vikundi vingi huruhusu hisa za mwanachama zikatwe kufidia mkopo wake siku ya kugawana, na huenda deni halisi ni dogo kuliko ulivyoogopa.

Kwa dada wa Dodoma ilihitajika simu ya dakika sita. "Shikamoo dada. Nimekukimbia miezi minne, na si kwa sababu nimesahau. Nilikuwa naona haya. Kwa sasa siwezi, nitaanza mwezi wa tatu, elfu ishirini ishirini. Naomba unisamehe kunyamaza." Angalia kilichoombewa msamaha. Si kudaiwa, ni kunyamaza. Kwa ndugu wengi, kinachovunja udugu ni zile simu zisizopokelewa.

Kwa Mangi alipeleka 10,000, akamwomba aandike mbele yake.

Siku ya saba: mgawo na saa ya madeni

Siku ya mwisho gawa zile 250,000: benki 170,000, kikoba 30,000, kausha damu 30,000, na 20,000 inayobaki kwa wadogo, mmoja baada ya mwingine. Mkopo wa laini ya simu hujikata wenyewe kila pesa inapoingia, kwa hiyo uhesabu mapema, usikushangaze siku ya kununua mzigo. Kausha damu aendewe na shahidi, aonyeshwe hesabu ya 151,500, na kila malipo yapitie simu ili alama ibaki. Akikataa hesabu hiyo, msaidizi wa kisheria ndiye hatua inayofuata.

Kisha weka saa moja kwa wiki, kwa mfano Ijumaa saa kumi na moja jioni, ya kufungua barua, kusoma meseji na kupiga simu za madeni. Mdai akipiga Jumanne, pokea, mwambie utampigia Ijumaa, na umpigie kweli. Simu hurudi kuwa simu, na wiki nzima hurudi kuwa yako.

Kama katika siku hizi umefikia kuona kwamba heri usiwepo kuliko kudaiwa, usisubiri Ijumaa. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, na uende hospitali ukaseme hivyo hivyo. Madaktari wanalijua jambo hilo na wanalitibu.

Wiki ikiisha, mama wa vitenge bado anadaiwa milioni nne na ushei, na jibu la benki bado hajalipata. Lakini majina kwenye simu yake yamebadilika. "Usipokee 1" sasa ni jina la afisa, na chini yake siku ya kikao. Jumatatu mpeleka barua akija tena, atasaini, ataandika tarehe juu ya bahasha, na ataifungua akiwa bado amesimama mlangoni.